Mkufu wa gramu 23.30: siku niliyomwambia mteja dhahabu yake ni shaba

Kisa hiki kilitokea kwenye meza yangu mwenyewe hapa Dar, ni sonara mwaka wa kumi na nne sasa, na nakieleza chote pamoja na kosa nililofanya pale mapokezi, manake bila lile kosa isingekuwa shida kubwa, ingekuwa ni kumwambia tu mama wa watu kabla hata hajaniachia mzigo.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa kumi na mbili, msimu wa harusi, duka limejaa, watu wanataka pete zipunguzwe leo leo. Akaja mama mmoja wa makamo, nikamwamkia, akaitikia, akatoa leso kwenye pochi akaifungua taratibu. Ndani kuna mkufu mnene, pingili zimesokotwa kama kamba, na pembeni loki yake imetoka, iko peke yake. Pingili ya mwisho iliyokuwa inashika loki ilikuwa imekatika. Akasema, "Baba, niunganishie huu, binti yangu ana sendofu Jumamosi ijayo, nataka nimvalishe mwenyewe."

Nikachukua ile loki kwa sababu ndo ilikuwa imejitenga na ina muhuri, 875, yaani karati 21. Nikaipitisha kwenye jiwe jeusi, ikaacha mstari wa njano mzuri, nikadondoshea asidi, mstari ukakaa. Nikaweka vyote kwenye mizani mbele yake, ikasoma gramu 23.30, nikapiga picha kwa simu kama ninavyofanya kwa kila mzigo, halafu nikaandika risiti: "Mkufu wa dhahabu karati 21, gramu 23.30, kuunganisha loki." Muhuri wa duka, sahihi yangu, akaondoka.

Sasa angalieni nilichofanya. Nimepima loki yenye gramu 1.20, nikaandikia karatasi mkufu wenye gramu 22.10 ambao sijaugusa jiwe hata mara moja.

Na mkono wangu ulitakiwa uniambie. Mkufu wa unene ule na urefu ule, kama ni karati 21 iliyojaa, ungekuwa na gramu arobaini na kitu. Dhahabu ni nzito mno, ukiishika kiganjani unaisikia inakaa kama kokoto, kitu kidogo uzito mkubwa. Ule ulikuwa mkubwa kwa macho na mwepesi kwa mkono. Ila siku ile foleni ilikuwa ndefu na macho yangu yakaenda kwenye muhuri, yakatosheka.

Jumatatu asubuhi kukiwa kimya nikauweka kwenye meza ya kazi. Kabla ya kuwasha gesi huwa nasafisha mahali palipokatika, nikavaa lenzi ya jicho nikasogeza taa. Hapo ndo nikaona. Pale pingili ilipokatika unaona moyo wa waya, na ule moyo haukuwa na rangi ya ganda lake. Nje njano nzito yenye joto, ya dhahabu. Ndani njano nyepesi iliyopauka, inayoelekea kijani kidogo, kama limau. Nikasogea pingili za mbele, pale zinapogusana na kusuguana kila siku, kila kona ngozi imelika na ile limau inachungulia. Dhahabu ya kweli ikilika ndani unakuta dhahabu ileile.

Gesi sikuwasha. Hili nalisisitiza kwa fundi yeyote anayesoma: ukishatia moto umeharibu ushahidi. Shaba ya njano (ile inayotengenezewa koki za maji na makufuli, ni shaba nyekundu imechanganywa na zinki) ukiichoma inakuwa nyeusi, zinki inaanza kutoka na moshi mweupe, na ile ngozi nyembamba ya dhahabu inazama ndani ya shaba na kupotea. Baada ya hapo mteja anapewa kitu cheusi ambacho hakukileta, na unamwambia kilikuwa hivyo toka mwanzo. Nani atakuamini?

Nikaipitisha ile pingili iliyokatika kwenye jiwe, kidogo tu. Nikadondoshea asidi ya naitriki, na mstari ukaondoka kabla sijaweka chupa chini. Asidi hii inakula shaba na zinki, dhahabu ya karati za juu haiigusi. Nikamwita kijana wangu, nikamwambia angalia, akaangalia, hakusema kitu. Tukafunga mkufu kwenye bahasha moja, loki bahasha nyingine, tukaandika tarehe na saa, wote wawili tukasaini.

Halafu nikakaa na ile risiti mkononi.

Ugumu wenyewe ulikuwa hapa. Kama ningeandika tangu mwanzo kwamba mkufu haujapimwa, ningekuwa mtu anayetoa habari mbaya basi. Lakini huyu mama ana karatasi yenye muhuri wangu inayosema alinipa dhahabu. Leo namwambia ni shaba. Mtu yeyote mwenye akili timamu, kitu cha kwanza atakachofikiria ni kwamba fundi amebadilisha. Na asingekosea kufikiria hivyo, kwa sababu kubadilishiwa dhahabu kwa fundi kupo, kila familia mjini ina hadithi yake. Nilichotakiwa kujiandaa nacho ni njia ya yeye kuona mwenyewe bila kulazimika kuniamini mimi. Utetezi wangu ulikuwa unakuja nyuma ya hilo.

Kuna mafundi wenzangu niliowagusia hili baadaye, mmoja akasema angeunganisha tu akanyamaza, kazi aliyopewa ni kuunganisha, hajaulizwa kama ni dhahabu. Simlaumu, anajua mji huu. Ila kwangu hiyo njia ilishafungwa na risiti. Ningenyamaza, karatasi yangu ingeendelea kusema uongo kila mahali inakopelekwa, kwa mkopeshaji, kwa mkwe, kwa mnunuzi.

Nikampigia simu. Kwenye simu sikusema shaba. Nilimwambia, "Mama, mkufu sijautia moto bado, kuna kitu nataka ukione kwanza kwa macho yako, ukiweza njoo na mtu wako unayemwamini." Akauliza umeharibika? Nikamwambia hapana, uko vilevile ulivyouleta. Habari ya hivi ukiitoa kwenye simu mtu anabaki nayo peke yake njia nzima, akifika dukani ameshakuwa na mshitakiwa, na mshitakiwa ni wewe.

Wakaja jioni na binti yake, huyohuyo mwenye sendofu. Nikawapa viti upande wa ndani, nikageuza kibao cha mlangoni. Kitu cha kwanza nikaanza na kosa langu. Nikamwambia, "Mama, Jumamosi nilipima loki peke yake, mkufu sikuupima, na nikaandika risiti kana kwamba nimeupima. Hilo ni kosa langu. Leo nataka tuupime pamoja." Nikafungua picha ya Jumamosi kwenye simu: mkufu juu ya mizani, loki pembeni, namba 23.30, pingili iliyokatika imepinda upande wa kushoto. Nikafungua bahasha, nikaweka vyote kwenye mizani ileile, ikasoma 23.30. Binti akavuta picha karibu kwa vidole akalinganisha ile pingili iliyopinda. Ni ileile.

Mama akaniangalia usoni. "Fundi, unataka kuniambia nini?"

Nikamwomba kitu kimoja, pete yake ya ndoa kwa dakika mbili, haitakatwa wala kutiwa asidi, inaingia kwenye maji tu. Akaivua kwa tabu. Nikaweka glasi ya maji kwenye mizani, nikarudisha namba kwenye sifuri. Ukining'iniza kitu kwa uzi mwembamba kikazama chote majini bila kugusa chini wala ukuta wa glasi, namba inayotokea ndo nafasi ambayo kile kitu kinachukua. Halafu unagawa uzito wake kwa ile namba. Pete kavu ilikuwa gramu 3.40. Ndani ya maji mizani ikasoma 0.20. Nikampa binti simu apige hesabu mwenyewe: 3.40 gawa kwa 0.20, ikaja 17. Karati 21 inacheza hapohapo kwenye 17. Nikawaambia kwa kitu kidogo kama pete kipimo hiki kinayumba kidogo, kosa la namba moja ya mwisho kwenye mizani linakupeleka 16 au karibu na 18, lakini halikupeleki mbali zaidi ya hapo. Pete yako ni dhahabu, mama. Akaivaa.

Ikaja zamu ya mkufu. Kavu, bila loki, gramu 22.10, mama mwenyewe akaisoma kwa sauti. Nikaufunga na uzi, nikauzamisha, nikautikisa viputo vya hewa vitoke, manake hewa ikinasa kwenye pingili inadanganya. Mizani ikatulia kwenye 2.60. Binti akapiga hesabu, akairudia, akanionyesha simu bila kusema. Ilikuwa 8.5. Nikawaambia kama ungekuwa karati 21 kama pete, uzito huu ungechukua nafasi ya 1.30 tu, nusu ya hii. Na mkufu wa ukubwa huu ungekuwa na gramu kama 44.

Hapo mama akanyanyuka. Akasema kwa sauti ambayo nina hakika na nje waliisikia, "Mkufu wangu umenibadilishia!"

Sikubishana. Nilikuwa nimejiambia mapema kwamba hii sentensi itakuja, na kwamba nikijibu kwa ukali nimeshashindwa. Nikamwambia, "Una haki ya kuuliza, na ndo maana nimekuita kabla sijautia moto." Nikasogeza simu yenye picha upande wake tena. Aliyemtuliza ni binti, alimwambia mama yake kama angebadilisha, gramu zisingelingana mpaka nukta, na ile pingili iliyopinda angeitoa wapi. Kisha akanigeukia mimi na swali ambalo lilikuwa zuri kuliko yote ya siku ile: "Si kuna mikufu yenye uwazi ndani? Kama ndani kuna hewa, si uzito utakuwa mdogo hata kama ni dhahabu?"

Yuko sahihi kabisa. Mkufu wa bomba, ambao pingili zake ni tupu ndani, unaweza kuwa dhahabu safi na ukasoma hata chini ya 8 kwenye maji. Kipimo cha maji peke yake hakitoshi kumhukumu mkufu. Nikampa lenzi, nikamshikia pingili iliyokatika kwenye mwanga. Akaona waya umejaa, hauna tundu, na akaona rangi mbili, ganda na moyo. Alikaa nayo muda mrefu, akampa mama yake. Mama alisema haoni vizuri, akairudisha.

Akasema, "Mimi niliupima kwa sumaku, haukushika." Watu wengi wanategemea hii na inaumiza, kwa sababu sumaku haishiki shaba kama isivyoshika dhahabu. Ikishika ujue kuna chuma, isiposhika hujajua chochote. Na hata loki ya dhahabu halisi inaweza kuvutwa kidogo kwa sababu springi yake ndani mara nyingi ni ya chuma, mtu akatupa dhahabu yake akidhani ni bandia.

Nikamwambia imebaki kipimo kimoja, kinaacha alama ndogo, sifanyi bila ruhusa yake. Akasema fanya. Nikachagua pingili ya mwisho kabisa, nikapitisha tupa mara mbili upande wa nyuma, nikavaa glovu, nikafungua dirisha, nikadondosha tone moja la naitriki kwa kijiti cha kioo. Likachemka palepale, mapovu madogo madogo, na tone likageuka kijani. Nikaweka tone lingine kwenye loki upande wa ndani. Likakaa kama maji. Nikafuta vyote kwa kitambaa chenye magadi.

Zile rangi mbili za matone ndo zilimaliza mabishano. Mama alikaa chini, akaishika loki kidoleni, akauliza, "Sasa hii ni dhahabu, na huu siyo?"

Na ndivyo ulivyotengenezwa. Mkufu wa shaba ya njano uliochovywa dhahabu, ngozi yake kawaida ni maikroni moja au chache (unywele wa kichwa una kama 70), halafu ukafungwa loki ya kweli yenye muhuri wa kweli. Gharama ya loki ni ndogo, ila mtu yeyote anayepima anapima loki, kwa sababu ndiko muhuri uliko. Mimi fundi wa miaka kumi na nne niliingia mtegoni, sembuse yeye. Hata ile mashine ya miale inayosoma madini kwenye skrini inasoma ngozi ya juu tu, ukiielekeza kwenye loki itakupa jibu la loki, na ngozi ikiwa nene vya kutosha itakupa jibu la ngozi.

Akaanza kueleza bila kuulizwa. Aliununua kwa mama mmoja anayezunguka na vitu vya Dubai, kwa kulipa kidogo kidogo miezi tisa, hela ya upatu na ya vitumbua anavyouza asubuhi. Karatasi hakupewa, kuna daftari tu. Bei ilikuwa chini ya nusu ya bei ya gramu madukani, na yeye alijua ni nafuu kwa sababu ni mtu wa mtaani kwao.

Kwa mdomo wangu neno "umetapeliwa" halikutoka, na nilijizuia kwa makusudi. Mimi najua mkufu umetengenezwaje. Sijui nani alijua nini. Yule muuzaji anaweza kuwa ameuziwa hivyohivyo na yeye, kwa muhuri uleule. Na kama ningetaja mtu pale, kesho mama angekwenda kumwambia "sonara kasema wewe tapeli", na ukweli wote uliopimwa ungegeuka ugomvi wa maneno. Nilichompa ni karatasi: tarehe, uzito wa mkufu mkavu, namba ya maji, kilichotokea kwa asidi, loki na muhuri wake, na kwamba vipimo vilifanyika mbele yake na binti yake. Chini nikaandika kwamba sijui mkufu ulikuwaje kabla ya Jumamosi ulipofika dukani.

Kisha nikaomba risiti ya kwanza.

Akaishika. Akaniambia kwa sauti ya chini, binti akiwa anajifanya anaangalia kabati la hereni, "Baba, niunganishie tu. Na hii karatasi niachie. Hela yangu imeshaenda."

Nilielewa anachowaza. Akiwa na ule mkufu umeunganishwa na karatasi yenye muhuri wangu, anaweza kuuweka rehani kesho asubuhi na kurudisha miezi tisa yake. Sikumwona mtu mbaya, nilimwona mtu aliyepigwa anatafuta wa kumpasia. Nikamwambia, "Mama, kuunganisha nitaunganisha, bure, ni mali yako na kuvaa shaba si kosa. Na habari zako hazitoki hapa. Lakini hiyo karatasi imeandikwa uongo na mkono wangu, siwezi kuiacha inatembea." Nikamwonyesha kopi kwenye kitabu, nikaipiga mstari mbele yake nikaandika "imefutwa, mkufu si dhahabu". Kumpokonya ya kwake nisingeweza, ila mtu yeyote atakayenipigia kuulizia ile namba ya risiti angepata jibu hilo.

Tukakaa kimya pengine dakika nzima. Binti ndo alikuja akaichukua mkononi mwa mama yake, taratibu, akaniwekea mezani. Akamwambia, "Mama, Jumamosi nitavaa shanga zako." Mama hakujibu, akafunga leso. Mkufu hakutaka tena uunganishwe, akauchukua na kipande chake cha pingili, loki akaitia kwenye pochi ndogo ya hela.

Toka siku ile risiti zangu za kupokea mzigo zinaandikwa hivi: "Mkufu mmoja wa rangi ya njano, umekatika, jumla gramu kadhaa, loki ina muhuri 875, madini ya mkufu hayajapimwa." Wateja wengine wanaudhika, wanauliza ina maana unaninyooshea kidole? Nawaambia karibu nikupime sasa hivi mbele yako, dakika kumi, halafu naandika kilichopimwa. Wengi wanakubali, na wanapenda kuona ile namba ya maji.

Mama alirudi baada ya wiki tatu. Kuhusu yule muuzaji aliniambia tu kwamba wanaongea, na ile karatasi ya vipimo imesomwa na mwenyekiti wa mtaa. Alichofuata ni kingine. Alitoa ile loki ya gramu 1.20, akauliza inaweza kutoka vipini viwili vya masikio, vidogo, vya binti. Nikaipima tena mbele yake, nikatoa springi ya chuma, nikaiyeyusha, nikavuta waya. Vilitoka viwili, jumla gramu 0.96, na mabaki nikamrudishia kwenye karatasi. Aliisoma risiti nzima kabla ya kuikunja.